Shajara ya sini ya sebuleni: watu watatu, kamera moja, mistari mitatu

Jumatatu, kupima chumba

Kwa wanaofuatilia hii filamu fupi yetu, tumefika kwenye sini ya sebuleni. Ukiisoma kwenye skripti unaiona nyepesi kabisa, watu watatu wamekaa wanaongea, basi. Mama, mwanae Hamisi, na Zawadi mke wa Hamisi. Mama anataka kujua hati ya kiwanja iko wapi, Hamisi anazungukazunguka na maneno, mwisho anakubali kwamba hati kaiweka kwa watu wa kausha damu, na Zawadi ndo anajulia hapohapo. Kurasa tatu, yaani kama dakika tatu kwenye filamu. Kamera tunayo moja, lenzi tunazo tatu, za milimita 24, 35 na 50, na sebule tumepewa na familia moja huku Tabata, wakarimu sana, sharti lao moja tu, makochi yarudi yalipokuwa na vitambaa vyake vikae kama vilivyokuwa.

Sebule ina mita 4.2 kwa 3.6. Ukisimama mlango wa mbele ukatazama ndani, mbele yako ukutani kuna kochi refu, kulia kuna dirisha kubwa na kochi la mtu mmoja chini yake, kushoto kuna kochi jingine la mtu mmoja na pembeni yake kaupenyo ka korido ka kwenda jikoni. Kabati la tivii liko nyuma yako, ukuta uleule wa mlango. Ni sebule ya kibongo kabisa, makochi yameegeshwa ukutani na katikati kuna stuli na zulia.

Kwa kupanga kwa haraka kila mtu angefanya hivihivi: Mama kochi refu, Hamisi kochi la dirishani, Zawadi kochi la upande wa korido. Pembetatu imepatikana. Shida inaanza ukiweka kamera. Sensa ya kamera yetu ina upana wa milimita 23.5, kwa hiyo lenzi ya 24 upana wa kitu inachokiona ni karibu sawa na umbali wake, yaani kitu kikiwa mita mbili unaona upana wa kama mita mbili. Lenzi ya 35 unaona kama theluthi mbili ya umbali, ya 50 kama nusu. Hesabu hiyo nimeiandika kwenye kiganja cha akili maana inaokoa muda, hata lenzi hujaifunga unajua kama shoti itaingia au haiingii.

Sasa chukua mgongo wa kamera ukutani karibu na tivii. Hamisi na Zawadi wako mita moja na nusu kutoka kamera, kwa hiyo kwenye usawa wao naona upana wa mita moja na nusu tu, wakati wao wameachana karibu mita tatu maana kila mmoja kagandia ukuta wake. Hawaingii. Unabaki na Mama peke yake katikati, na kona za magoti ya wenzie. Kwa hiyo kwa makochi yalivyo, masta, yaani shoti pana ya kuwaonyesha wote watatu, haipo.

Jumatano, makochi yameondoka ukutani

Leo kazi ilikuwa kusukuma fanicha. Kwanza kamera tumeitoa nje. Mlango una upana wa sentimita 90, ukirudi kibarazani sentimita 80 kutoka kwenye fremu ya mlango, lenzi ya 24 pale mlangoni inaona upana wa kama sentimita 80, kwa hiyo mlango wenyewe hauingii kwenye picha, unapita katikati yake bila kuguswa. Kwa kurudi huko nimepata mita na zaidi ya bure. Pili makochi ya pembeni tumeyavuta ndani, Hamisi na Zawadi sasa wameachana mita mbili, na wako mita 2.7 kutoka kamera. Wanaingia wote na pembeni kunabaki hewa kidogo.

Tatu, na hili ndo limetuchukua muda, kochi la Mama tumelivuta mbele sentimita 40 kutoka ukutani.

Sababu yake ni hii. Mtu aliyekaa nyuma kabisa kwenye pembetatu ndo anayekula fremu. Yeye anatazama mbele kwenye kamera, na wenzie kila wakiongea nae wanageuzia nyuso zao kule ndani, kamera inabaki na masikio na visogo. Kwa hiyo usipoangalia, sini nzima Mama ana uso, wengine wana nywele. Kadiri Mama anavyokaa mbali kule ndani ndivyo Zawadi anavyolazimika kugeuka zaidi kumtazama. Nikiweka kamera karibu na bega la Hamisi kumtazama Zawadi, Mama akiwa ukutani kabisa Zawadi anageuka karibu nyuzi 60 kutoka kwenye lenzi, hiyo tayari ni sura ya pembeni, jicho moja na pua. Kochi likija mbele zile sentimita 40 anageuka chini ya 50, na jicho la pili linaanza kuonekana. Macho mawili ndo kipimo changu cha shoti iliyo wazi, simaanishi mtu atazame lenzi, namaanisha ukimuangalia kwenye monita uone jicho la karibu lote na la mbali angalau nusu yake, na kichwa chake kisigusane na kichwa cha mtu mwingine wala na kona ya kabati.

Faida nyingine ya kuvuta kochi ni kwamba nyuma ya Mama kumepatikana uchochoro. Tripodi haiingii ila mtu mwembamba na monopodi ya mguu mmoja anaingia, na hapo ndo tutampigia Hamisi.

Halafu kuna jambo la makochi yenyewe. Haya ya sponji laini yanameza watu. Mama akikaa anazama, magoti yanakuja juu na kidevu kinashuka, Hamisi kochi lake gumu kidogo kwa hiyo kichwa chake kinakuwa juu ya mamake kwa kama sentimita 12. Kwenye sini ambayo Mama ndo anahoji! Tumeweka kipande cha plaiwudi chini ya mto wa kochi la Mama, kimeinua kichwa chake na pia kimemfanya akae wima kama hakimu, bila hata dairekta kumwambia. Mama wetu huyu ni mtu mzima, kaigiza majukwaani miaka na miaka, alipokaa akacheka tu, "mmenikalisha kwenye ubao kama niko kwenye mkeka wa msibani."

Alhamisi, mazoezi na simu

Kabla ya kwenda mbali niseme habari ya mistari maana watu wengi kwenye kundi letu walikuwa wanaijua ya watu wawili tu. Wawili wakiongea, unachora mstari kutoka kwa huyu hadi kwa yule, kamera inabaki upande mmoja wa mstari, basi siku zote mmoja anatazama kulia mwa picha na mwenzie kushoto, mtazamaji anaelewa wanatazamana. Ukiruka mstari wote wawili wanatazama upande mmoja, inakuwa kama wanamtazama mtu wa nne ambaye hayupo.

Watatu wakiwepo mistari inakuwa mitatu: Mama na Hamisi, Hamisi na Zawadi, Zawadi na Mama. Kamera ikibaki upande wa mlango iko salama kwa yote mitatu. Kushoto Zawadi, katikati Mama, kulia Hamisi. Zawadi anawatazama wote kulia, Hamisi anawatazama wote kushoto, na Mama ndo bawaba, kushoto kwa mkamwana, kulia kwa mwanae. Raha tupu. Ila raha hiyo ina bei yake, ukibaki mlangoni Hamisi na Zawadi unawapata pembenipembeni tu kama picha ya kwenye sarafu. Ili kupata nyuso zao mara nyingi inabidi uingie ndani ya pembetatu, na ukiingia ndani tu, mstari mmoja utakuwa umeuvuka. Hakuna ujanja wa kuikwepa hiyo. Unachagua tu mstari gani uuheshimu sasa hivi na upi uuache ulale.

Tumefanya mazoezi kwa simu, sini nzima, kila kona. Kwa wanaotaka kujaribu, simu nyingi lenzi yake kuu ni pana kuliko 24 yetu, kwa hiyo tunavuta zumu: 1.5x inakaribia lenzi ya 24 kwenye kamera yetu, 2x inakaribia 35, 3x inakaribia 50. Si sawasawa kabisa ila kwa kupanga watu inatosha.

Mfano wenyewe huu hapa. Hamisi anapoongea na Mama nimemshuti kutoka kwenye uchochoro nyuma ya kochi, juu ya bega la kulia la Mama, ule upande wa Zawadi. Picha nzuri sana, Hamisi macho yote mawili, anatazama kushoto kidogo ya lenzi, bega la Mama linakata kona ya picha. Ila kwa kukaa pale nimeuvuka mstari wa Hamisi na Zawadi. Hamisi akimgeukia Zawadi macho yake yanapita mbele ya lenzi na kwenda kulia. Na Zawadi kwenye shoti yake, ile ya karibu na bega la Hamisi, naye anatazama kulia. Tukaziunga kwenye simu palepale. Mume anatazama kulia, mke anatazama kulia, yaani unaona kabisa kama wote wamesikia hodi mlangoni.

Dawa yake si kuitupa ile shoti ya uchochoroni, ni nzuri mno. Dawa ni kumpa Hamisi shoti mbili. Ya kwanza kutoka begani kwa Mama, ni ya maneno kati yake na Mama tu. Ya pili kutoka begani kwa Zawadi, upande wa mlango, ambayo humo anatazama kushoto kwa wote wawili, hiyo ni ya maneno yake na Zawadi. Hamisi ndo mwenye kesi kwa hiyo kupewa shoti mbili anastahili. Kinachobaki ni kuhama kutoka ya kwanza kwenda ya pili bila mtazamaji kushtuka, na hapo huwezi kuhama tu kwa sababu edita kaamua, lazima kuwe na kitu kimetokea ndani ya chumba.

Ijumaa, Zawadi aende wapi?

Kitu hicho ni Zawadi kusimama. Kwenye skripti imeandikwa tu "Zawadi anainuka." Baada ya Hamisi kusema hati iko kwa wakopeshaji, Zawadi anainuka na kuuliza, "Baba Nasra, kiwanja cha watoto?" Kwenda wapi haijaandikwa.

Muigizaji wetu wa Zawadi alitaka aende dirishani, apite mbele ya stuli, asimame nyuma ya Hamisi akitazama nje. Hisia zake nazielewa, na kwa jukwaani ningempa. Tukajaribu. Kwanza, Hamisi anajikuta katikati, Mama huku Zawadi kule, anageuza shingo kama anatazama mpira wa meza. Kila akimjibu mkewe kamera inapata kisogo chake, na kila akimjibu mamake Zawadi anakuwa kivuli nyuma yake. Pili, dirisha. Mtu akisimama mbele ya dirisha mchana, ukiweka mwanga sawa kwa uso wake dirisha linaungua jeupe, ukiweka sawa kwa dirisha uso unakuwa mweusi, na taa tulizonazo ni mbili ndogo za ledi, haziwezi kushindana na jua la Dar. Tatu, na hii ndo iliyomshawishi yeye mwenyewe, pale dirishani Zawadi yuko peke yake. Sini inataka Hamisi ndo abaki peke yake.

Kwa hiyo tukajaribu njia ya pili. Zawadi anainuka, anaweka kikombe kwenye stuli, anazunguka nyuma ya kochi lake na kwenda kukaa pembeni ya Mama kwenye kochi refu, upande wa korido, upande uleule aliotokea. Hatua chache tu. Lakini angalia inachofanya kwenye mistari: watatu wamekuwa wawili. Mama na Zawadi sasa ni kituo kimoja, Hamisi kituo cha pili, umebaki mstari mmoja wa maana. Na kwa kuwa Zawadi kakaa upande wa korido, mpangilio wa kushoto kwenda kulia haujabadilika, bado Zawadi, Mama, Hamisi. Angekaa upande wa pili, kati ya Mama na Hamisi, mpangilio ungebadilika na mtazamaji angehitaji masta nyingine kujua nani yuko wapi.

Na kuna zawadi nyingine (samahani kwa jina), kochi lake limebaki tupu. Tunalitoa kabisa, kamera inakaa palepale alipokuwa. Ukiwa pale Hamisi anawatazama wote wawili kushoto mwa lenzi, Zawadi karibu na lenzi, Mama mbali kidogo, macho yote mawili yapo. Bado tunamuona kutoka upande wa mkewe ila mkewe kahama, yaani mtazamaji kakaa kwenye kiti kilichoachwa.

Harakati ya kuhama yenyewe tumeamua ionekane yote bila kukatwa, kwenye masta ya mlangoni. Mtazamaji akimuona mtu kwa macho yake anatoka hapa kwenda pale, mistari ya zamani inakufa yenyewe na unaruhusiwa kuchora mipya. Ukikata katikati, anainuka kwenye shoti hii na anakaa kwenye shoti ile, hapo unamuomba mtazamaji afanye hesabu, na akifanya hesabu hasikii maneno.

Kwenye masta tulikuta tatizo dogo la vichwa. Zawadi akisimama wima upande wa kushoto kichwa kinatoka juu ya fremu kwa sababu yuko karibu na kamera kuliko Mama. Kurudisha kamera nyuma hakuna nafasi, kibaraza kimeishia kwenye ndoo za maua. Tukamuomba azunguke nyuma ya kochi lake badala ya mbele, anakuwa mbali na kamera kwa karibu mita nzima zaidi, kichwa kimeingia. Maki zake, alama za sakafuni, tumeweka kwa tepu ya rangi ya zulia, moja pale anaposimama, nyingine pale miguu inapokuja akikaa, kwa sababu akikaa karibu mno na Mama mabega yanafunikana na kwenye shoti ya wawili Mama anamla sikio.

Jumamosi, kushuti

Dirisha liko mashariki, kwa hiyo ratiba imeandikwa na jua. Asubuhi jua linaingia moja kwa moja, tumefunga shuka jeupe kwa nje kwenye nondo za dirisha ili lisipige madoa kwenye zulia, maana doa la jua linatembea na kwenye kontinuiti, yaani vitu kufanana kutoka shoti hadi shoti, linakuumbua.

Tulianza na masta, yote, mwanzo mpaka mwisho, mpaka waigizaji wakatulia wakajua kikombe kinawekwa kwenye neno gani. Dada wa kontinuiti alipiga picha kila kitu, vikombe, vitambaa vya makochi, mkono upi umeshika nini. Halafu tukabaki upande uleule wa kutazama kochi refu tukamchukua Mama peke yake, kwanza akiongea na Hamisi, kamera karibu na bega la kushoto la Hamisi, kisha shoti ya Mama na Zawadi pamoja baada ya kuhama, kamera palepale kasoro lenzi imetoka 50 ikawa 35. Kwa kuwa taa hazikuguswa hiyo ilikwenda haraka.

Kisha Zawadi, bado asubuhi, kwa sababu dirisha linampiga usoni na anapendeza bila taa hata moja. Hapa niseme kitu kuhusu wanaosikiliza. Zawadi nusu ya kwanza ya sini hasemi chochote zaidi ya "karibuni chai". Ingekuwa rahisi kumpa shoti moja ya haraka. Tumempa nusu ya kwanza nzima, mazungumzo yote ya Mama na Hamisi yanapigwa huku kamera iko kwake tu, anamtazama mumewe, anamtazama mkwewe, wote kulia. Kwa sababu bomu linapolipuka linamlipukia yeye, na kama hatujamuona akisikiliza kabla, uso wake unakuja kama mgeni.

Kwenye shoti za mtu mmoja kazi kubwa ni macho yaende wapi. Tukimshuti Hamisi kutoka kwenye nafasi ya kochi lililotolewa, Mama na Zawadi wamekaa sehemu zao za kweli, lakini Mama alikuwa mbali mno na lenzi, kila Hamisi akimtazama tunapoteza jicho la pili. Basi Mama tukamuomba aje akae kwenye stuli karibu na kamera, si sehemu yake ya kweli, ila upande uleule wa kushoto na bado yuko mbali na lenzi kuliko Zawadi. Mpangilio ukibaki, Zawadi wa kwanza Mama wa pili, umbali unaweza kudanganya. Zawadi tukamuweka kiasi cha ngumi moja kutoka pembeni ya lenzi ukitazama kutoka kwa Hamisi, Mama kama ngumi tatu. Tofauti hiyo lazima iwepo, wakibanana sana mtazamaji hawezi kujua Hamisi anamjibu nani.

Hamisi tulimuacha mchana, jua likiwa limehamia upande wa pili wa nyumba na dirisha nyuma yake limepoa. Ukimshuti asubuhi nyuma yake kunawaka. Kijana alikuwa kachoka kweli kufikia saa tisa, alikuwa keshasema yale maneno kwa kamera za wenzie tangu asubuhi, na huo uchovu umeingia vizuri kwenye kukiri kwake. Umbali na lenzi tuliulinganisha na wa Mama, 50 na mita mbili kwa wote, ili tukikata kutoka kwa mama kwenda kwa mwana nyuso ziwe na ukubwa mmoja. Lenzi tofauti kwa watu wanaobishana inampa mmoja uso mkubwa bila sababu. Sababu ilipokuja tukaitumia: teki za mwisho za kukiri tumemsogelea mpaka kama mita 1.2, lenzi ileile, na Mama hatukumsogelea.

Shoti ya uchochoroni ilimtesa kameramani. Sentimita 40, ukuta mgongoni, monopodi, joto, na feni imezimwa kwa ajili ya sauti. Bega la Mama kila akipumua linaingia na kutoka kwenye kona ya picha. Bega likikata kidogo ni zuri, likifika kwenye kidevu cha Hamisi shoti imekufa. Tukamuomba Mama aegemee sentimita chache kuelekea dirishani, kwa macho ya kawaida amekaa upande kama jahazi, kwenye monita hakuna anayejua. Alivumilia bila kulalamika, ila alipomaliza alisema plaiwudi tutailipia.

Jumanne, meza ya edita

Muungano wa kwanza umetoka. Nusu ya kwanza inakwenda vizuri kama tulivyopanga, Mama kulia, Hamisi kushoto, na katikati uso wa Zawadi unakuja mara kwa mara akitazama kulia.

Kilichonifurahisha ni pale Hamisi anapomtazama mkewe kwa mara ya kwanza, kabla hajakiri. Tulikubaliana asimtazame kabisa mpaka Mama aseme, "Mwambie mkeo." Tuko kwenye shoti ya uchochoroni, anatazama kushoto, halafu macho yanahama polepole yanapita mbele ya lenzi na kwenda kulia. Ule uvukaji wa mstari uliokuwa unatusumbua kwenye mazoezi hapa unafanya kazi, kwa sababu tunayaona macho yakivuka. Edita alitaka akate hapohapo kwenda kwa Zawadi. Nikamwambia ajaribu, akajaribu, na wote wawili wakatazama kulia kama ilivyokuwa kwenye simu. Kwa hiyo baada ya macho kuvuka tunakwenda kwanza kwenye masta, sekunde mbili tu, watatu wote kimya, kisha tunarudi kwa Hamisi kwenye ile shoti ya pili, ya begani kwa Zawadi, anatazama kushoto na kukiri, ndo tunakata kwa Zawadi anatazama kulia. Masta hapo inafanya kazi ya kunawa mikono kati ya mlo mmoja na mwingine.

Zawadi anainuka, anazunguka, anakaa pembeni ya Mama, yote kwenye masta bila mkato. Kuanzia hapo ni shoti mbili tu zinazobishana, wanawake wawili kwenye fremu moja na mwanaume mmoja peke yake kwenye nyingine. Mama hajapata shoti ya peke yake baada ya hapo na hatujaihitaji, uso wake uko wazi kwenye shoti ya wawili.

Kinachosumbua bado ni kipande kifupi ambapo Mama anamgeukia Zawadi pembeni yake na kumuuliza, "Nawe ulikuwa hujui?" Wanatazamana kwenye kochi moja, mstari mpya umezaliwa kati yao na kutoka kwa Hamisi tunawaona wote pembeni. Kwenye shoti ya wawili inasomeka, ila jicho la Zawadi liko moja. Tumejaribu kuibeba kwa kukata kwenda kwa Hamisi akiwatazama, swali linasikika juu ya uso wake, jibu linarudi kwa wanawake wakati Zawadi keshageuka mbele. Inakubalika. Kama wenye nyumba watatupa nusu saa nyingine tutachukua klozapu moja ya Zawadi, kamera chini ya dirisha kando ya kochi la Hamisi, lenzi 50, Mama ajisogeze mbele kwenye kochi ili macho ya Zawadi yaje karibu na lenzi na bado yaende kulia. Nimeshawatumia meseji, wamejibu tuje Jumapili baada ya saa nane, na plaiwudi tuje nayo maana Mama kaulizia.